Hedifoni juu ya miwani na mtandio: mwongozo kwa wanaoivaa zamu nzima

Mwongozo huu ni kwa wafanyakazi ambao kazi yao huwalazimu kuvaa hedifoni kubwa isiyo na waya, ile inayofunika sikio zima, kwa saa nyingi mfululizo: wahudumu wa simu kwa wateja, wanukuzi wa kumbukumbu za mikutano, wahariri wa sauti, wakalimani na walimu wanaofundisha kwa mtandao. Umeandikwa hasa kwa anayevaa miwani, anayejitanda mtandio, au anayevaa vyote viwili. Mto wa hedifoni umekusudiwa kulala juu ya ngozi tupu kulizunguka sikio. Kikiingia kitu kati ya mto na ngozi, nguvu inayobana haisambai tena kama ilivyokusudiwa, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia.

Nguvu kidogo mahali padogo

Mtu akiumwa panja au nyuma ya sikio, jambo la kwanza analofikiri ni kwamba hedifoni inabana mno. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi hedifoni ileile humkaa vizuri mwenzake asiye na miwani, kwa sababu kinachoumiza ngozi ni ukubwa wa eneo ambalo nguvu hiyo inaangukia.

Fanya hesabu ndogo. Hedifoni ya kawaida hubana kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 400 hadi 500. Chukua 500. Mto unaogusa ngozi kwa upana wa sentimita 1.5 na mzunguko wa sentimita 25 una eneo la karibu sentimita mraba 37. Kila sentimita mraba ya ngozi inabeba gramu 13 au 14, na mtu anaweza kukaa hivyo siku nzima bila shida. Sasa pitisha mkono wa miwani chini ya mto huo. Unakatiza ukingo wa mbele wa mto, kwa hiyo sehemu inayogandamizwa ina urefu wa sentimita 1.5 na upana wa milimita 4 hivi, yaani eneo la sentimita mraba 0.6. Ikiwa mkono huo umebeba gramu 100 tu kati ya zile 500, ngozi iliyo chini yake inapokea zaidi ya gramu 160 kwa kila sentimita mraba. Ni zaidi ya mara kumi ya jirani yake. Hesabu ni hiyohiyo kwa kichwa cha pini, kwa fundo la kitambaa na kwa ukingo wa mtandio uliokunjwa mara tatu.

Kwa sababu hiyo, usianze kwa kulegeza upinde. Ukipunguza nguvu yote kwa robo, mkono wa miwani bado unachoma, na hedifoni inaanza kuteleza kila unapoinama kuandika. Anza kwa kutafuta mahali penyewe. Baada ya saa moja ya kazi vua kila kitu, ujitazame kwenye kioo au umwombe mwenzako akutazame. Mstari mwembamba mwekundu kutoka panja kuelekea sikioni ni alama ya mkono wa miwani. Doa moja lenye mpaka ni pini au fundo. Wekundu mpana unaofuata umbo la mto, pande zote mbili sawa, ndio unaosema kwamba nguvu ya kubana yenyewe ni kubwa. Na ikiwa maumivu yako utosini peke yake, usihangaike na mito. Tatizo ni upinde.

Muda wa maumivu nao una maana yake. Uainishaji wa kimataifa wa maumivu ya kichwa, toleo la tatu lililotoka 2018, unayatambua maumivu yanayoletwa na kitu kinachobana kichwa kwa nje. Huanza ndani ya saa moja tangu kichwa kibanwe, huwa makali zaidi pale panapobanwa, na huisha ndani ya saa moja baada ya kitu hicho kuondolewa. Yako yakifuata mwendo huo, hedifoni ndiyo chanzo na mwongozo huu utakufaa. Yakiendelea jioni nzima, au ukihisi ganzi, au ngozi imechubuka, nenda hospitali kabla ya kugusa upinde.

Kupima nguvu ya kubana

Nguvu hii hupimika bila maabara. Unahitaji mizani ya ndoano, ile ya kupimia mabegi ya safari, rula na kamba. Vaa hedifoni kama unavyoivaa kazini, pamoja na miwani na mtandio wako, kisha mwenzako apime umbali kutoka uso wa nje wa kikombe kimoja hadi uso wa nje wa kingine. Tuseme amepata sentimita 19. Vua. Zungushia kamba kikombe kimoja katikati na uifunge kwenye mguu wa meza. Zungushia kikombe cha pili kamba nyingine na uitie kwenye ndoano ya mizani. Vuta polepole mpaka vikombe viachane kwa sentimita zilezile 19, nje kwa nje, kisha soma mizani. Upinde uliotanuka kiasi kilekile unabana kwa nguvu ileile, iwe umevaliwa kichwani au unavutwa kwa kamba.

Chini ya gramu 300 ni hedifoni legevu, itahama ukigeuka ghafla. Kati ya 400 na 500 ni ya kawaida. Ikipita 600, aliyevaa miwani ataisikia kabla ya mapumziko ya saa nne. Mipaka hii si sheria, maana kichwa na ngozi vya watu havifanani, lakini ukiwa na namba yako utajua kama marekebisho unayofanya yanasaidia.

Rudia kipimo hicho bila mtandio, nawe utaona jambo ambalo wengi hawalijui. Upinde ni springi: kadiri unavyotanuka ndivyo unavyobana zaidi. Mtandio wenye mikunjo ya milimita 4 kila upande unaongeza karibu sentimita moja ya upana, na nguvu inapanda pamoja nao. Mwenye kichwa kipana tangu mwanzo anaongezewa juu ya alichokuwa nacho.

Ikiwa baada ya kuondoa vizuizi vyote nguvu bado ni kubwa, upinde wenye bapa la chuma ndani unaweza kulegezwa. Panga vitabu au tafuta boksi lenye upana unaozidi kichwa chako kwa sentimita moja, uvishe hedifoni hapo usiku mmoja, kisha upime tena asubuhi. Ikihitajika, rudia usiku wa pili. Ukitaka kuutanua kwa mikono, shika upinde wenyewe pande mbili za kilele; usivute vikombe, kwa sababu bawaba ndizo zitakazovunjika. Upinde wa plastiki mtupu usiulazimishe, hupasuka bila onyo. Usiutie joto wala usiuache juani kwenye dashibodi ya gari. Na usishuke chini ya gramu 300, kwani springi iliyochoka hairudi.

Mto: unene wake, ganda lake na umri wake

Kwa anayevaa miwani, mto mzuri ni ule unaouruhusu mkono wa miwani uzame ndani yake badala ya kuusukuma kwenye ngozi. Hilo linategemea sponji iliyomo. Sponji inayorudi polepole, ile inayobaki na alama ya kidole kwa sekunde chache, hulainika kwa joto la mwili na kuuzunguka mkono wa miwani. Sponji ngumu inayorudi mara moja hufanya kama ubao. Ujaribu mto kwa kidole cha shahada: bonyeza ukingo wa mto kwa upole; kama unafika kwenye plastiki ya kikombe bila kujitahidi, mto huo umeisha hata kama kwa macho unaonekana mpya.

Ganda la nje nalo lina kazi. Ngozi bandia huziba vizuri na hutoa besi nzito, lakini huhifadhi jasho, na jasho hulainisha ngozi yako hata ikachubuka upesi zaidi. Mahameli na kitambaa huvujisha sauti kidogo, ila havishiki ngozi wala havitelezi juu ya mtandio. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, katika ofisi yenye feni tu, ningechagua kitambaa bila kusita. Kwenye ukumbi wenye kiyoyozi na kelele za watu hamsini, ngozi bandia. Mafuta ya nywele huila ngozi bandia. Ikianza kumenyeka vipande vyeusi vinavyobaki shavuni, badilisha mto. Kwa hedifoni nyingi mito huuzwa peke yake, na mingine imechongwa mfereji laini mahali mkono wa miwani unapopita. Kabla ya kununua, pima shimo la ndani. Sikio lote liingie bila kugusa ukingo, na lisiguse sakafu ya kikombe. Sikio linalogusa kitambaa cha ndani huuma taratibu, na wengi hudhani ni miwani.

Miwani haiumizi tu, huvujisha sauti pia. Pale mkono unapoingia chini ya mto panabaki pengo dogo pande zake mbili, na sauti nzito ndizo zinazotoroka kwanza. Mfumo wa kuzuia kelele nao hudhoofika hapo hapo, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kufuta milio mizito kama ya kiyoyozi na jenereta. Cheza wimbo wenye besi ya kuendelea, kisha sukuma vikombe kwa viganja. Besi ikiongezeka ghafla, kuna pengo. Hili lina madhara zaidi ya ubora wa sauti, kwa sababu anayesikia vibaya huongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na saa 40 ndiyo wiki nzima ya kazi. Pengo la mkono wa miwani linaweza kumpitisha mfanyakazi kwenye mpaka huo bila yeye kujua.

Mkono wenyewe wa miwani ndio dawa bora. Mkono wa plastiki nene una milimita 4 au 5. Wa chuma au titani una karibu milimita moja. Siku ya kubadilisha fremu, nenda dukani na hedifoni yako, uijaribu juu ya fremu kadhaa. Chagua mkono mwembamba, bapa, ulionyooka mpaka ufike sikioni, usio na nembo iliyoinuka pembeni. Fundi wa miwani pia anaweza kuufungua mkono unaobana panja, kazi ya dakika chache.

Wenye lenzi za kuonea mbali na karibu kwa pamoja wawe na tahadhari moja. Mto ukiisukuma miwani juu au chini kwa milimita chache, eneo la kusomea linahama. Ukijikuta unainua kidevu ili usome skrini, jambo ambalo hulifanyi ukiwa huna hedifoni, hamisha kikombe. Shingo ndiyo itakayolipa.

Upinde na umbo lake

Upinde hubeba uzito, na uzito hutofautiana sana. Sony WH-1000XM5 ina gramu 250 hivi. AirPods Max ya Apple inakaribia gramu 385. Tofauti hiyo ikishuka utosini kwa saa nane inahisika. Lakini hedifoni nzito yenye upinde mpana unaolingana na kichwa inaweza kuwa nafuu kuliko nyepesi inayogusa nukta moja.

Kujua upinde unagusa wapi, kata kipande cha karatasi kama upana wa vidole viwili, uvae hedifoni, kisha uiteleze karatasi kati ya upinde na kichwa ukianzia upande mmoja hadi wa pili. Inapokwama ndipo uzito ulipo. Ikikwama kwenye eneo refu kama kiganja, umbo linakufaa. Ikikwama kileleni tu na kupita bure kwingine, umbo la upinde halilingani na kichwa chako. Zipo hedifoni ambazo chini ya upinde zina mkanda laini unaoning'inia. Huo hujifinyanga kwa kichwa chochote, na kwa mwenye mtandio ndio ninaoupendekeza kwanza.

Umbo la upinde huathiri pia mito. Upinde ukitanuliwa sana, miguu yake huachana chini kama ya ngazi ya kukunja, na vikombe huinama nje kwa chini. Bawaba za vikombe zimewekwa kurekebisha mwinamo huo, ila zina mwisho wake. Zikifika mwisho, ukingo wa juu wa mto ndio unaobeba karibu nguvu yote, na mkono wa miwani hupita hapo hapo. Mwenye kichwa kipana akiona alama nyekundu juu ya sikio lakini chini yake hakuna kitu, hiyo ndiyo sababu. Kubadilisha mito hakutamsaidia. Anahitaji upinde mpana zaidi au wenye bawaba zinazozunguka zaidi.

Urefu nao upangwe. Vuta vikombe mpaka sikio likae katikati ya shimo la mto. Vikiwa juu mno, upinde unaelemea utosi na mto unakandamiza sikio. Vikiwa chini mno, upinde unaelea na mito peke yake inashikilia uzito, ikikuvuta ngozi. Kila mlio mdogo unaousikia unapovuta ni hatua moja. Hesabu hatua za kulia na za kushoto.

Mtandio

Kanuni ya kwanza: mtandio upite chini ya vikombe, usivifunike. Maikrofoni ziko kwenye uso wa nje wa kikombe. Kitambaa kikizifunika, mteja anasikia sauti yako kama uko chumba cha pili, na kila unapogeuza shingo anasikia mkwaruzo. Vikombe vinavyoongozwa kwa kuguswa hukata simu ncha ya mtandio ikivipapasa. Kuvaa hedifoni yote ndani ya mtandio kunaleta shida hizo zote pamoja na joto, na ukitakiwa kuivua mbele ya watu huwezi.

Kanuni ya pili: tabaka moja, lililonyooka, chini ya mto. Mtandio wa shifoni au wa pamba nyepesi uliotandazwa vizuri hauzuii sauti kwa kiasi cha kusumbua. Mkunjo ndio unaovujisha na kuchoma. Vuta mikunjo yote ishuke chini ya taya au irudi kisogoni kabla ya kuvaa. Satini huteleza, na hedifoni hurudi nyuma kila unapotazama juu. Kitambaa cha jezi chenye kunyumbuka hushika vizuri na hakihitaji pini nyingi. Pini ziwe chini ya kidevu au begani. Nywele zifungwe chini, karibu na shingo, kwa sababu fundo la juu hunyanyua upinde na kuuegemeza nyuma.

Mtandio na nywele huongeza kimo pia, hivyo ongeza hatua moja au mbili kila upande.

Miwani ipite wapi? Ikipita nje ya mtandio, kitambaa kinailinda ngozi, lakini mkono haushiki sikio na miwani inateleza puani. Ikipita ndani juu ya ngozi tupu, inashika lakini inachoma. Njia inayofaa ni kuvaa kofia nyembamba ya ndani inayofunika panja, kupitisha mkono wa miwani juu ya kofia hiyo, kisha mtandio juu yake. Mkono unashikwa na sikio kupitia kitambaa chembamba, na ngozi imekingwa.

Hedifoni nyingine zina kihisio ndani ya kikombe kinachojua kama imevaliwa. Kitambaa kinaweza kukichanganya, sauti ikasimama yenyewe katikati ya mazungumzo. Usibadilishe mtandio kwa ajili hiyo. Fungua programu ya hedifoni kwenye simu na uzime mpangilio huo wa kusimamisha sauti.

Mfano mmoja tangu mwanzo

Tuchukue mhudumu wa simu mwenye miwani ya plastiki nene na mtandio wa krepu, anayeumwa panja la kulia kila zamu. Maumivu huisha nusu saa baada ya kuvua. Kioo kinaonyesha mstari mwekundu kulia, na juu yake doa dogo. Kushoto hakuna kitu. Nguvu inabana pande zote mbili sawa, kwa hiyo tofauti ya kulia na kushoto imetoka kwenye alichovaa. Doa ni pini iliyoshika mtandio juu ya sikio la kulia, mahali ambapo mikunjo mitatu inakutana.

Vipimo vinasema zaidi. Akiwa na mtandio, vikombe vimeachana sentimita 20 na mizani inasoma gramu 620. Bila mtandio ni sentimita 18.8 na gramu 540. Mtandio unaongeza gramu 80, ila hata bila huo hedifoni iko juu kidogo ya kawaida.

Siku ya kwanza anahamisha pini begani, anatandaza mtandio kuwa tabaka moja pembeni, anavaa kofia nyembamba na kupitisha miwani juu yake, na anavuta vikombe hatua mbili zaidi kila upande. Upinde hajaugusa bado. Vikombe sasa vimeachana sentimita 19.1 na mizani inasoma 560. Doa halipo, mstari umefifia lakini haujaisha. Ndipo anapoutanua upinde juu ya boksi, usiku mmoja, kisha wa pili, na nguvu inashuka hadi 470. Akiinama kuchukua kalamu sakafuni hedifoni inabaki kichwani, basi anakomea hapo. Mstari mwembamba unaosalia ni wa fremu nene, na huo utasubiri miwani mpya.

Kama hedifoni ni ya ofisi na huvaliwa na watu wawili wa zamu tofauti, mpango huu wote huvurugika kila asubuhi. Msimamizi ampe kila mmoja mito yake, na kila mmoja aandike hatua zake za kulia na kushoto kwenye kipande cha plasta ndani ya upinde. Anayebanwa zaidi kwa sababu ya miwani na mtandio asilegeze upinde wa pamoja bila mwenzake kuujaribu, maana kinachomkaa yeye kwa gramu 470 kitakuwa legevu kwenye kichwa chembamba kisicho na mtandio. Hapo suluhisho ni hedifoni mbili.